Picha ya Ofa ya Kurudi Shule Langoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mabegi, Viatu na Mwanga

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wenye maduka, wapigapicha na wabunifu wa matangazo wanaotaka picha moja kuu ya ofa ya kurudi shule: watoto wakiingia langoni asubuhi yenye nuru, mabegi mapya yakiwa mgongoni na viatu vipya miguuni, bila mandhari hiyo kuonekana kama igizo. Majibu yametokana na kazi nilizozifanya mwenyewe, na nimeyapa nafasi kubwa zaidi maswali ambayo kwa kawaida ndiyo yanayoharibu picha.

Kwa nini tupige picha langoni, ilhali tungeweza kuzipanga bidhaa mezani?

Picha ya mezani inafaa kwenye orodha ya bidhaa, kwa sababu mnunuzi anataka kuona zipu, mifuko na soli. Picha kuu ya ofa ina kazi tofauti: mzazi anapaswa kuutambua mara moja wakati ambao atavihitaji vitu hivyo. Lango ndilo mahali ambapo begi na viatu huonekana vikitumika kwa pamoja, na kila mtu aliyewahi kumpeleka mtoto shule anapafahamu bila kuelezwa. Mezani, viatu na begi hubaki kuwa vitu viwili vilivyowekwa jirani.

Tunawezaje kuonyesha uso wa mtoto, begi na viatu katika picha moja?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wengi hugundua ugumu wake baada ya kurudi nyumbani na picha mia mbili ambazo hakuna hata moja inayofaa. Begi hukaa mgongoni, uso uko mbele, na viatu viko chini kabisa. Ukisimama ndani ya lango na kuwapiga watoto wakikujia, utapata nyuso nzuri na ncha za viatu, lakini begi litaonekana kama mikanda miwili tu mabegani. Ukisimama nje na kuwapiga wakiingia, utapata mabegi yote kwa ukamilifu wake, na hutapata uso hata mmoja.

Suluhisho ninalolitegemea ni kusimama nje ya lango, pembeni, ili mtoto aonekane kwa mshazari: sehemu kubwa ya mgongo, ubavu mmoja wote, na kichwa kilichogeuka juu ya bega kumtazama mwenzake anayemfuata. Mtoto anayegeuka kumwita rafiki ni jambo linalotokea kila asubuhi, kwa hiyo mgeuko huo hauhitaji kuelezwa. Mtoto wa pili, aliye nyuma kidogo, huonekana kwa ubavu na ndiye anayevibeba viatu katika picha, kwa kuwa mguu wake mmoja uko hewani au umekanyaga ngazi. Kwa njia hii begi la wa kwanza na viatu vya wa pili hugawana kazi, wala hulazimiki kumkunja mtoto mmoja ili aonyeshe kila kitu.

Ngazi husaidia sana. Hata ngazi mbili au tatu huinua viatu vya mtoto aliye mbele hadi karibu na usawa wa goti la aliye nyuma, na jicho la mtazamaji huvifikia bila kutafuta. Kama lango halina ngazi, shusha kamera hadi kati ya goti na kiuno cha mtoto, yaani takriban sentimita 50 hadi 70 kutoka ardhini. Kamera inayoshikwa katika usawa wa macho ya mtu mzima huwatazama watoto kwa juu, hivyo vichwa huwa vikubwa, miguu hufupika, na viatu huonekana vidogo kuliko vilivyo.

Picha ipigwe wakati gani, na jua liwe upande upi?

Badala ya kutaja saa, ambazo hutofautiana kwa mahali na msimu, napendelea kutumia kivuli cha mtu aliyesimama wima. Kivuli kikiwa takriban mara mbili ya urefu wake, jua liko chini kiasi cha kuingia usoni, kuangaza ubavu wa begi na kuifikia ncha ya kiatu. Endelea kufanya kazi hadi kivuli kikaribie kulingana na urefu wake, kisha acha. Baada ya hapo jua hushuka kutoka juu, mashimo ya macho hujaa giza, sehemu ya juu ya begi hung'aa kupita kiasi, na viatu hubaki ndani ya kivuli cha mtoto mwenyewe. Muda huo hujirudia alasiri kwa mpangilio wa kinyume, ila hapo lango linaweza kuwa limelipa jua kisogo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kupanga siku ya kazi, nenda langoni na dira, au tumia dira iliyo katika simu, ujue lango linatazama wapi. Lango linalotazama mashariki hupokea jua la asubuhi upande wa nje, nalo huangaza migongo ya wanaoingia, yaani mabegi. Lango linalotazama magharibi litakuwa kivulini asubuhi, na pengine ni busara kulipiga alasiri huku watoto wakiendelea kuigiza kuingia. Hakuna mtazamaji atakayeitambua tofauti ya asubuhi na alasiri kutokana na mwanga peke yake, mradi saa ya ukutani isionekane.

Jambo linalosahaulika zaidi ni paa la lango. Mtoto akisimama chini ya paa huku ua nyuma yake ukipigwa na jua, tofauti ya mwanga ni kubwa mno kwa kamera: ama mtoto atakuwa mweusi, ama ua utakuwa mweupe usio na kitu. Usijaribu kulitatua hilo kwa kuongeza mwangaza baadaye kwenye kompyuta. Wasogeze watoto hatua mbili nje ya kivuli cha paa, na uliache lango lenyewe liwe nyuma yao kama fremu.

Je, mnaweza kutueleza kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Nitaeleza kazi niliyoifanya kwenye lango lililotazama mashariki, lenye ngazi tatu pana na ukuta wa rangi ya krimu. Tulikuwa na watoto wawili, mmoja mwenye begi la manjano na mwingine mwenye begi la buluu, wote wakiwa na viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kwa kamba na soksi nyeupe.

Niliweka kamera nje, upande wa kusini mashariki mwa ngazi, nikitazama kaskazini magharibi, takriban mita sita kutoka kwa watoto. Nilitumia lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili, nikaishika kamera wima. Kwa umbali huo fremu huchukua kimo cha mita mbili na nusu hivi na upana wa kama mita moja na sentimita 70, kipimo kinachowatosha watoto wawili na kubakiza ukuta mtupu juu yao kwa ajili ya maandishi. Kasi ya shata ilikuwa 1/500 ya sekunde, kwa sababu mtoto anayepanda ngazi husogeza mguu upesi kuliko mwili wake, na kwa kasi ndogo zaidi kiatu kinachoinuka huwa ukungu hata pale uso unapotoka vizuri. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ilikuwa 200.

Tundu la lenzi nililiweka f/5.6. Nataja hili kwa makusudi, kwa kuwa wengi hupenda kulifungua hadi f/2 ili nyuma pawe na ukungu mzuri. Kwa lenzi na umbali huo, f/2 huacha kina cha kama nusu mita tu kilicho wazi. Uso wa mtoto mmoja unakuwa safi na viatu vya mwenzake vinapotea, ilhali viatu hivyo ndivyo vinavyouzwa. Kwa f/5.6 kina hicho hufikia zaidi kidogo ya mita moja na nusu, na watoto wote wawili huingia humo wakiachana hatua moja.

Dakika za kwanza hazikufaa kitu. Jua lilikuwa bado chini sana na vivuli vilikuwa karibu mara nne ya urefu wa mtu, hivyo kivuli changu, kilichokuwa na urefu wa mita sita na zaidi, kilifika hadi kona ya chini ya picha na kuilalia ngazi ya kwanza. Sikukiona kwenye kioo kidogo cha kamera. Alikiona msaidizi wangu alipoikuza picha. Tulisubiri hadi vivuli vikafupika kufikia mara mbili ya urefu, nami nikasogea hatua moja zaidi upande wa kusini.

Kisha tuliegemeza ubao mweupe wa takriban mita moja kwa mita moja na nusu upande wa kushoto wa kamera, karibu na ardhi, nje kidogo ya fremu, ili urudishe jua kwenye ubavu wa viatu. Mtoto wa kwanza alianza kutoka chini, akapanda ngazi mbili, na aliposikia mwenzake akimwita akageuka juu ya bega la kushoto. Hawakuambiwa kutabasamu. Tulirudia mara kumi na nne, tukapumzika, tukarudia mara tisa. Picha iliyochaguliwa ilitoka katika awamu ya pili, wakati mtoto wa pili alipokosa kidogo mwendo wake na kuruka ngazi moja. Mguu wake wa nyuma uliinuka, soli ikaonekana, na mwenzake akacheka kwa dhati.

Viatu vyeusi hutoka kama madoa meusi yasiyo na umbo. Tufanye nini?

Ngozi nyeusi iliyong'arishwa haionekani kwa rangi yake. Huonekana kwa kile inachokiakisi. Ikiwa mbele ya kiatu kuna ardhi nyeusi au suruali ya mpigapicha, kiatu kitaakisi weusi huo na umbo lake litapotea, hata ukiongeza mwanga mara mbili. Ukiweka kitu kipana cheupe mbele au pembeni yake, mstari laini wa nuru utapita kwenye ncha na ubavu wa kiatu, na papo hapo jicho litaliona pindo, mshono na kisigino. Ndiyo kazi ya ule ubao mweupe nilioutaja. Shuka ya rangi nyeupe, bila maua, hufanya kazi hiyo hiyo ikivutwa ikanyooka.

Kosa la kawaida ni kuongeza mwangaza wa picha nzima ili viatu vionekane. Soksi nyeupe zilizo sentimita chache juu yake zitaungua na kuwa weupe mtupu, na weupe ulioungua haurudishwi. Pima mwanga kwa kuangalia soksi au shati, hakikisha bado unaona mikunjo ya kitambaa, na uache ubao uhudumie viatu.

Chukua pia brashi laini na kitambaa. Vumbi la hatua tatu tu juu ya ngozi nyeusi huonekana waziwazi jua la pembeni linapolipiga, na kulifuta kwenye kompyuta huchukua muda mrefu kuliko kuinama na kupangusa.

Begi linaonekana limenywea, au linaelea mgongoni. Tatizo ni nini?

Begi tupu hukunjamana katikati, na begi lililojazwa karatasi tupu husimama vizuri lakini halina uzito, kwa hiyo mikanda huinuka mabegani na kuacha upenyo. Mtazamaji huenda asijue kutaja kasoro hiyo, lakini ataihisi. Mimi huweka madaftari machache chini, upande unaogusa mgongo, yenye uzito wa kilo moja au zaidi kidogo, kisha hujaza nafasi iliyobaki kwa karatasi zilizofinyangwa kwa wepesi hadi pembe za juu zijae bila kuvimba. Mfuko wa mbele nao uwekewe kitu chembamba, la sivyo utabonyea na kuleta kivuli kibaya katikati ya begi, mahali ambapo mara nyingi ndipo palipo na nembo.

Mikanda yote miwili iwe mabegani, ikazwe hadi begi ligusane na mgongo, na kitako cha begi kisining'inie chini ya kiuno. Najua kwamba mtoto anayebeba begi kwa mkanda mmoja huonekana mchangamfu, na baadhi ya wabunifu huomba hivyo. Mimi hukataa. Ushauri unaotolewa mara kwa mara na wataalamu wa afya ya watoto ni kwamba begi libebwe kwa mikanda miwili na lisizidi takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, yaani kama kilo mbili na nusu hadi tatu na robo tatu kwa mtoto wa kilo 25. Tangazo la begi halipaswi kumfundisha mtoto kulibeba vibaya. Vilevile begi lisiwe pana kuliko mgongo wa mtoto aliyechaguliwa; likiwa hivyo, badilisha saizi ya begi au mtafute mtoto mkubwa zaidi.

Mabegi yatoke kwenye mifuko yake siku moja kabla na yatundikwe, kwa kuwa alama za kukunjwa hazitoki kwa kupigwapigwa langoni. Ondoa vibandiko vya bei, kisha ufunge ncha za mikanda zinazoning'inia.

Je, mtoto anaweza kuvaa kiatu cha saizi yoyote, kwa kuwa ni picha tu?

Hapana. Kiatu kikubwa huachana na kisigino kila hatua, na mtoto huburuta mguu ili kisimvuke; mwendo huo huonekana hata katika picha tuli. Kiatu kidogo humfanya akunje vidole na uso. Uliza vipimo vya miguu siku kadhaa kabla, ukiacha nafasi ya takriban sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, kama ambavyo ungemshauri mteja dukani. Mpe mtoto nafasi ya kutembea navyo ndani ya nyumba kwa robo saa, ili ngozi ijikunje kidogo kwenye vidole. Kiatu kisicho na mkunjo hata mmoja katika mguu unaotembea ndicho chanzo kimojawapo cha picha kuonekana ya bandia. Jozi hiyo itengwe kuwa ya kielelezo na isirudishwe kwenye rafu kuuzwa kama mpya.

Watoto wanakakamaa mbele ya kamera. Tunapataje sura ya asili?

Wape kazi ya kufanya, si sura ya kuonyesha. Agizo la “tabasamu” huleta meno. Agizo la “mkumbushe mwenzako alichokisahau” huleta uso. Kazi ziwe zile ambazo kweli hufanyika langoni: kurekebisha mkanda, kuinama kufunga kamba ya kiatu, kumpungia mkono mlezi aliyebaki nje, kumngoja aliyechelewa. Kufunga kamba kunafaa sana kwa picha ya pili ya ofa, kwa sababu mtoto anapopiga goti, begi huja juu na kiatu huja mbele, vyote viwili vikiwa karibu.

Wachague watoto wanaofahamiana, ndugu au marafiki. Wageni wawili huhitaji zaidi ya nusu saa kuzoeana, na wewe una takriban saa moja tu ya mwanga mzuri. Mzazi au mlezi akae mahali ambapo mtoto anaweza kumwona bila kuigeukia kamera. Mtoto akianza kulalamika au kunyamaza ghafla, pumziko lije kabla ya kuombwa. Na akisema hataki tena, kazi yake imekwisha.

Jambo jingine linaloleta uasili ni kutolinganisha kila kitu. Watoto wanne wenye mabegi mapya ya aina moja, wote wakiwa na mguu wa kulia mbele, hufanana na gwaride. Afadhali wawili wawe karibu na wa tatu awe mbali zaidi ndani ya ua, asiye wazi sana, ambaye uwepo wake unaonyesha tu kwamba siku imeanza.

Mandhari changamfu inamaanisha rangi nyingi?

Si lazima, na mara nyingi ni kinyume chake. Kama ukuta umepakwa rangi tano na umefungwa maputo, begi la manjano halina mahali pa kung'aa. Uchangamfu hutokana na mwanga wa pembeni ulio laini na rangi mbili au tatu zinazoachana vizuri: ukuta wa krimu, begi la manjano, begi la buluu, kijani cha majani nyuma. Kama sare ni ya rangi nzito, begi liwe jepesi, na kinyume chake, ili mipaka yake isimezwe na nguo.

Angalia pia mizani ya rangi nyeupe kwenye kamera. Mpangilio wa jua ni karibu 5500 K, na kivulini hupanda hadi karibu 7000 K. Ukiiachia kamera ijichagulie yenyewe, picha moja itakuwa ya manjano na inayofuata ya buluu, nawe utapoteza jioni nzima ukizilinganisha. Chagua namba moja na ukae nayo. Kosa hili lina gharama halisi, kwa kuwa begi jekundu likisogezwa kidogo kuelekea rangi ya chungwa, mteja ataletewa kitu ambacho si kile alichokiona.

Maandishi ya ofa yawekwe wapi, na picha iwe ya ukubwa gani?

Nafasi ya maandishi hupangwa wakati wa kupiga, si baadaye. Katika picha ya wima mimi huacha theluthi ya juu iwe ukuta au anga, kwa sababu sehemu ya chini ni ya viatu na haipaswi kufunikwa. Mara nyingi huona mbunifu akiweka utepe wa punguzo chini kabisa ya picha, juu ya miguu yote, na hapo nusu ya bidhaa hupotea.

Kwa mitandao ya kijamii, picha ya pikseli 1080 kwa 1350 hutosha kwa machapisho ya kawaida, na 1080 kwa 1920 kwa zile zinazojaza kioo cha simu. Katika hizi za pili acha takriban pikseli 250 juu na zaidi ya 300 chini bila maandishi, kwa kuwa vitufe vya programu hufunika hapo. Kwa bango la karatasi ya A3 linalosomwa kwa karibu, unahitaji pikseli 3508 kwa 4961, pamoja na milimita tatu za ziada kila upande za kukatwa. Faili la skrini liwe katika mfumo wa rangi wa sRGB. La kuchapwa, muulize mchapaji anataka CMYK, yaani mfumo wa rangi za wino, ya aina gani kabla ya kubadilisha, kwa sababu kijani na buluu kali ni kati ya zinazofifia zaidi katika ubadilishaji huo.

Je, simu inatosha kwa kazi hii?

Inatosha kwa mitandao, kwa masharti mawili. Lenzi kuu ya simu ni pana, na ukisogea karibu, kiatu kilicho mbele huvimba na kuonekana kirefu kuliko kilivyo. Kwa hiyo rudi nyuma mita kadhaa na utumie lenzi ya kuvuta kama simu inayo. Pili, usitumie mtindo unaotia ukungu nyuma kwa hesabu za programu, kwani hukata mikanda ya begi na kamba za viatu vibaya, na kasoro hizo huonekana hata kwenye picha ndogo.

Tunaweza kubandika picha za bidhaa juu ya picha ya lango tuliyo nayo?

Inawezekana, lakini sehemu zinazokosewa ni zile zile kila mara. Kamera iliyopiga lango na iliyopiga bidhaa lazima ziwe zimeshikwa katika kimo kimoja, vinginevyo ngazi zitaonekana kwa juu na viatu kwa ubavu. Mwanga lazima utoke upande mmoja. Na chini ya soli lazima pawe na kile kivuli chembamba, cheusi kabisa, kinachotokea pale kiatu kinapogusa ardhi. Kikikosekana, kiatu huelea. Ukipima muda wa kuyarekebisha haya yote, asubuhi moja langoni mara nyingi ni fupi zaidi.

Ni ruhusa zipi zinazohitajika?

Pata ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi kwa kila mtoto anayetambulika, ikitaja ni wapi picha itatumika na kwa muda gani. Pata ruhusa ya shule kwa kutumia lango lake. Jina la shule ukutani na beji kwenye sare visionekane, isipokuwa shule imekubali kwa maandishi, kwa kuwa picha inayomwonyesha mtoto pamoja na mahali anaposoma humtambulisha kwa watu asiowajua.

Itakuwaje bidhaa iliyo kwenye picha ikiisha kabla ya ofa kumalizika?

Kabla ya kupiga, muulize mtunza stoo ni rangi na saizi zipi zilizopo kwa wingi, na hizo ndizo ziende langoni. Nilishawahi kupiga picha nzuri ya begi la zambarau ambalo lilikuwa limebaki katika duka lile kwa idadi ya vidole vya mkono mmoja. Wazazi walilifuata kwa wiki mbili na kurudi mikono mitupu. Tangu hapo hupiga mfululizo huo huo mara mbili kwa rangi tofauti za begi, watoto wakiwa wale wale na mwanga ukiwa ule ule, ili rangi moja ikiisha, picha ibadilishwe siku hiyo hiyo bila kugusa maandishi wala mpangilio. Tarehe ya mwisho wa ofa iandikwe kwenye picha yenyewe, kwa sababu picha husambazwa kutoka simu hadi simu na maelezo yaliyokuwa chini yake hubaki nyuma.